Kata haiumwi malaria, mtoto ndiye anayeumwa

SEHEMU YA 1

Jamani, kuna slaidi inazunguka kwenye magrupu yetu ya watumishi wa afya toka wiki iliyopita, na imenikera mpaka nimeamua kuandika uzi mzima. Ni mrefu, kaeni mkao wa kula.

Slaidi ilitoka kwenye kikao cha tathmini cha wilaya moja ambayo siitaji. Kila kata imewekewa nguzo mbili: asilimia ya watoto chini ya miaka mitano wanaolala kwenye chandarua, na asilimia ya watoto hao waliokutwa na malaria. Kata zimepangwa kuanzia yenye vyandarua vichache kwenda yenye vingi. Na kweli, ukiangalia, nguzo zote mbili zinapanda pamoja kama ngazi. Vyandarua vinaongezeka, malaria inaongezeka.

Chini yake kuna maneno mawili matatu yaliyokolezwa wino. Kwamba wananchi wanaopewa vyandarua hawavitumii ipasavyo. Kwamba kwenye kata zenye matokeo mabaya ugawaji usimame kwanza mpaka elimu itolewe.

Basi mnajua tena magrupu. "Wanafugia vifaranga." "Wanavulia dagaa." "Mama anajifunika yeye, mtoto anamwacha nje." Wengine ni wauguzi wenzangu kabisa, watu wanaokaa na kina mama hao kila siku kliniki, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali moja dogo: kwenye ile slaidi, mama yuko wapi? Mtoto yuko wapi?

Hawapo. Slaidi haina mtoto hata mmoja. Ina kata. Aliyeitengeneza alikuwa na kata mkononi, akazipima kata, akazilinganisha kata, halafu alipofika kwenye hitimisho akamgeukia mama wa watu akamwambia wewe ndo una makosa. Kupima kitu kimoja na kuhukumu kingine, hilo ndo ninalolipigia kelele. Wataalamu wa takwimu wana jina lake, wanaliita kosa la kiikolojia, ila jina halitusaidii sana. Tuliite kumhukumu mtu kwa wastani wa mahali anapoishi.

SEHEMU YA 2

Hebu tufanye hesabu. Namba hizi nimezitunga mwenyewe makusudi ziwe nyepesi, msije mkaenda kuzinukuu mahali. Chukua kata tatu, kila moja ina watoto 1,000.

Kata A iko juu mlimani, baridi, mbu wachache. Watoto 200 wanalala kwenye chandarua, 800 hawalali. Kati ya wale 200, wenye malaria ni 2, yaani asilimia 1. Kati ya wale 800, wenye malaria ni 16, yaani asilimia 2. Jumla wagonjwa 18 kwa kata nzima, asilimia 1.8.

Kata B iko katikati. Nusu wana chandarua, nusu hawana. Wenye chandarua 500, wagonjwa 30, asilimia 6. Wasio nacho 500, wagonjwa 60, asilimia 12. Jumla 90, yaani asilimia 9.

Kata C iko bondeni, mashamba ya mpunga, maji yamesimama mwaka mzima. Huku kila mtu anajua mbu ni nini, na kampeni zimepita mara nyingi. Wenye chandarua 800, wagonjwa 120, asilimia 15. Wasio nacho 200, wagonjwa 60, asilimia 30. Jumla 180, asilimia 18.

Sasa tengeneza slaidi ya mkuu wetu. Kata A: vyandarua asilimia 20, malaria 1.8. Kata B: vyandarua 50, malaria 9. Kata C: vyandarua 80, malaria 18. Ngazi safi kabisa, ungeiweka kwenye fremu.

Lakini rudi ndani ya kata yoyote unayotaka. Mlimani, mtoto wa kwenye chandarua ana nusu ya hatari ya mwenzake. Katikati, nusu. Bondeni, nusu. Hakuna kata hata moja ambayo chandarua kimeshindwa kazi. Ni watoto walewale, malaria ileile. Nimebadilisha tu ninachokilinganisha: mwanzo kata na kata, sasa mtoto na jirani yake.

Na hiyo nusu sijaiokota barabarani. Majaribio ya vyandarua vyenye dawa yaliyofanyika sehemu mbalimbali za Afrika, yale ya kupanga kwa bahati nasibu nani apewe na nani asipewe kwanza, yalikuta matukio ya malaria kwa watoto yakipungua kwa karibu nusu.

Kwa nini basi ngazi inapanda? Kwa sababu vyandarua havikudondoka kutoka mbinguni vikagawanyika sawasawa. Vimepelekwa kule kwenye malaria! Mpango wa kugawa vyandarua mashuleni hapa kwetu ulianza mwaka 2013 na Lindi, Mtwara na Ruvuma. Unadhani ilichaguliwa kwa kura? Ile ilikuwa mikoa yenye mzigo. Kwenye utafiti wa viashiria vya malaria wa 2017, Kigoma kama mtoto mmoja kati ya wanne alikutwa na vimelea, wakati Kilimanjaro, Arusha na Manyara hawakufika asilimia moja. Mama wa Kigoma anakitafuta chandarua hata kabla hujamwambia. Mama wa Marangu anakitafutia nini?

Kwa hiyo mahali penyewe ndo panavuta vitu vyote viwili, panaleta mbu na panaleta chandarua. Ukilinganisha kata na kata unaona mahali, huoni chandarua. Ni sawa na kusema mitaa yenye magari mengi ya zimamoto ndiyo inayoungua sana, tuyaondoe magari.

SEHEMU YA 3

Kuna mtu kanijibu jana usiku: "Sista, hizo namba za ndani ya kata umezitunga wewe. Mkuu alikuwa na data halisi." Asante kaka, umenisaidia kufika ninapotaka.

Mkuu alikuwa na nini hasa? Kwa kata C alikuwa na namba mbili: watoto 800 kati ya 1,000 wana chandarua, na watoto 180 kati ya 1,000 wana malaria. Basi. Namba ya kwanza imetoka kwenye ripoti ya ugawaji na ya pili imetoka kwenye MTUHA. Ni ripoti mbili tofauti, zimejazwa na watu wawili tofauti, na hakuna mahali ambapo jina la mtoto limekutana na chandarua chake. Ule mstari unaounganisha hazina.

Sasa nijibu: kati ya wale wagonjwa 180, wangapi walilala kwenye chandarua?

Inawezekana wote 180. Inawezekana pia hakuna hata mmoja, maana wasio na chandarua wako 200, na 180 wanaenea humo vizuri na nafasi inabaki. Yaani kwa hizo namba mbili tu, hatari ya mtoto asiye na chandarua inaweza kuwa sifuri na inaweza kuwa asilimia 90. Zote zinakubaliana na slaidi. Slaidi ingekuwa ileile, nguzo zilezile, urefu uleule, kwenye dunia ambayo chandarua kinaua na kwenye dunia ambayo chandarua kinaokoa.

Sio ujanja wangu huu. Duncan na Davis walionyesha mwaka 1953 kwamba ukiwa na jumla za pembeni tu, kitu unachoweza kusema kwa uhakika kuhusu watu wa ndani ni mipaka: haiwezi kuwa chini ya hapa, haiwezi kuwa juu ya pale. Wakati mwingine mipaka ni myembamba na inakupa kitu. Hapa kwetu mipaka ni kuanzia sifuri mpaka tisini, haikupi chochote. Aliyeandika "hawavitumii ipasavyo" hakukisoma kwenye data. Alikuwa nacho kichwani kabla hajafungua kompyuta, na slaidi akaitumia kama muhuri.

Halafu naomba niseme na hili, maana ni sisi tunaojaza. Ile ya MTUHA hata kata yenyewe sio ya kuamini sana. Mgonjwa anahesabiwa kwenye kituo alikopimwa. Kituo chenye vipimo vya haraka mwezi mzima kinavuta kina mama kutoka kata tatu za jirani ambako vipimo viliisha tarehe kumi. Mwisho wa mwezi kituo kinachofanya kazi vizuri kinaonekana ndicho chenye malaria nyingi, na kile kilichoishiwa vipimo kinaonekana kimeshinda vita. Kwa hiyo "kata" kwenye slaidi ni kituo kilichovaa jina la kata.

SEHEMU YA 4

Hapa napunguza mwendo kidogo, maana kuna mtego wa pili na huu unawanasa hata waliosoma.

Mtu akishaelewa sehemu ya pili na ya tatu anasema, sawa, nimekuelewa, basi tuachane na kata, tuchukue mtoto mmoja mmoja. Tuweke watoto wote 3,000 kwenye orodha moja, tugawe wenye chandarua na wasio nacho, tuhesabu. Anaona katubu.

Twende. Wenye chandarua jumla ni 200 na 500 na 800, yaani 1,500. Wagonjwa wao ni 2 na 30 na 120, yaani 152. Hiyo ni asilimia 10.1. Wasio na chandarua nao jumla ni 1,500. Wagonjwa wao ni 16 na 60 na 60, yaani 136. Asilimia 9.1.

Mmeona? Tumeshuka mpaka kwa mtoto mmoja mmoja, data ya mtu binafsi kabisa, na bado chandarua kinaonekana kinaleta malaria! Kwa sababu kwenye lile kundi la wenye chandarua zaidi ya nusu ni watoto wa bondeni, na kwenye kundi la wasio nacho zaidi ya nusu ni watoto wa mlimani. Unadhani unalinganisha chandarua, kumbe bado unalinganisha bonde na mlima.

Kizio sahihi cha uchambuzi kwa swali hili sio kata peke yake, na sio mtoto aliyeng'olewa kwenye kata yake akatupwa kwenye orodha. Ni mtoto ndani ya kata yake. Mlinganishe wa bondeni na wa bondeni, wa mlimani na wa mlimani, halafu ndo uunganishe majibu. Tukifanya hivyo kwa namba zetu tunapata nusu, nusu, nusu. Kila siku nasikia watu wanasema "tukipata data ya mtu mmoja mmoja tatizo limeisha". Halijaisha. Mahali kunatakiwa kubaki kwenye hesabu kama jambo lenyewe.

Kisa cha zamani kinachofundishwa sana kwenye hili ni cha Marekani. Mwaka 1950 mwanasosholojia anaitwa Robinson alichukua sensa yao ya 1930 akaangalia wahamiaji waliozaliwa nje ya nchi na kutojua kusoma. Akapiga hesabu ya uhusiano, ile inayokwenda kutoka −1 mpaka +1. Alipolinganisha majimbo 48, akapata kama −0.53: jimbo lenye wahamiaji wengi lina wasiojua kusoma wachache. Ukiishia hapo unasema wahamiaji wamesoma kuliko wenyeji. Alipokwenda kwa mtu mmoja mmoja akapata +0.12: mhamiaji ndiye aliyekuwa na uwezekano mkubwa kidogo wa kutojua kusoma. Ishara yenyewe imegeuka. Sababu ni ileile ya vyandarua, wahamiaji walikwenda kukaa kwenye majimbo ambayo wenyeji wake tayari walikuwa wamesoma.

Kuna kitu kingine kwenye kazi yake ambacho watu wanakiruka, na mi ndo nakipenda. Alipoyakusanya yale majimbo kwenye kanda tisa, uhusiano ukaongezeka ukawa kama −0.62. Watu ni walewale, sensa ileile. Kwa hiyo ule uhusiano mkali unaouona kwenye ramani ya kanda, sehemu yake umeletwa na mchoraji aliyeamua mipaka ipite wapi. Siku nyingine mkija na grafu ya kanda za Tanzania yenye mstari umenyooka kama rula, niulizeni kwanza ingeonekanaje kwa wilaya.

SEHEMU YA 5

Sasa msiniwekee maneno mdomoni. Kuna mtu ameshaandika "kwa hiyo takwimu za mkoa na kata hazina maana". Sijasema hivyo na sitasema.

Kama swali lako ni kuhusu kata, tumia kata. Wapi dawa za malaria zipelekwe kwa wingi kabla ya masika? Kituo gani kiongezewe vipimo? Wapi kunyunyiziwe dawa ukoko majumbani? Haya ni maswali ya mahali na kwa hayo ile nguzo ya asilimia 18 ni dhahabu. Kata C inahitaji kila kitu zaidi ya kata A. Slaidi ileile, ukiisoma kama swali la mahali, inasema ongeza. Imesomwa kama swali la tabia ya mama, ikasema punguza.

Na kuna mambo ambayo ukimtazama mtu mmoja mmoja tu hutayaona kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na jaribio kubwa la vyandarua vyenye dawa huko Asembo, magharibi mwa Kenya. Walikuta kwamba familia zisizo na vyandarua, lakini zinazoishi karibu na vijiji vyenye vyandarua, ndani ya mita kama 300, nazo zilipata kinga. Mbu anayegusa dawa anakufa, hafiki kwa jirani. Kwa hiyo chandarua cha nyumba yangu kinamlinda mtoto wako pia.

Fikiria maana yake kwenye hesabu yetu ya kata C. Wale watoto 200 wasio na chandarua wana asilimia 30, lakini wanaishi katikati ya vyandarua 800. Wangekuwa bondeni lile bila chandarua hata kimoja, ingekuwa zaidi ya 30. Ukilinganisha mtu na jirani yake tu, sehemu hiyo ya kazi ya chandarua inapotea, kwa sababu asiye nacho naye kafaidika. Hilo ni kosa la upande wa pili, kumwangalia mtu kana kwamba anaishi peke yake duniani. Ili ulione inabidi ulinganishe kijiji na kijiji, tena vijiji vilivyopangwa kwa bahati nasibu kama walivyofanya Asembo, sio vijiji vilivyojichagua vyenyewe.

Kwa hiyo sipigani na takwimu za eneo. Napigana na mtu anayebadilisha swali katikati ya sentensi.

SEHEMU YA 6

Niliahidi kutotoka kwenye malaria, lakini hili limetokea kwenye maoni ya sehemu ya pili na siwezi kulipita. Dada mmoja kaandika kwamba kabla ya kuchukua binti wa kazi za ndani anauliza kwanza ametoka mkoa gani, "kwa sababu takwimu za VVU ziko wazi".

Ziko wazi, ndio. Tuzisome basi. Utafiti wa 2016–17 uliikuta Njombe ikiwa juu kuliko mikoa yote, asilimia 11.4 ya watu wazima. Maana yake katika watu mia, themanini na nane au tisa hawana. Hapo hapo, kabla hatujaenda popote.

Halafu hiyo 11.4 ni ya nani? Ni ya watu wazima wote pamoja, baba wa miaka hamsini na binti wa kumi na nane wamewekwa sufuria moja. Kitaifa, kwenye utafiti uleule, wanawake wa miaka 15 mpaka 24 walikuwa kama asilimia 2, na wanawake wa miaka 45 mpaka 49 walikuwa kama 12. Binti unayemtaka wewe yuko kundi la kwanza, wewe unamvalisha namba ya kundi la pili.

Pia utafiti unahesabu watu kwenye kaya walikokutwa. Hauhesabu kabila wala kwao. Mtu wa Tanga anayefanya kazi kwenye mashamba ya chai Njombe yuko ndani ya ile 11.4. Mbena aliyezaliwa Njombe akakulia Tandika yuko kwenye namba ya Dar es Salaam. Ile namba sio ya "watu wa Njombe" unaowafikiria, ni ya waliokuwepo Njombe.

Na mwisho kwenye hili, watu wenye VVU wanaotumia dawa vizuri wanaishi miaka mingi, na kila mwaka wanaoishi wanabaki kwenye hesabu. Mkoa unaotibu vizuri watu wake unaweza kubaki juu kwenye ramani kwa sababu hiyohiyo ya kuwatibu. Ramani ya maambukizi yaliyopo haikuonyeshi maambukizi mapya.

Sheria yetu ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima ili apate kazi. Dada yangu anajua kwamba cheti hawezi kudai, ndo maana anatumia mkoa badala ya cheti. Mkoa sio kipimo, mama.

SEHEMU YA 7

Watu wameuliza, sasa kwenye ile wilaya wafanye nini? Sio kazi kubwa na haihitaji mtaalamu kutoka Dar.

Mtoto anapofika na homa, tunampima kwa kipimo cha haraka kama kawaida. Hapo hapo muulize mama swali moja: jana usiku mtoto alilala kwenye chandarua? Ndiyo au hapana. Ni swali lilelile ambalo tafiti za kaya zinauliza. Andika pembeni ya jibu la kipimo, na andika kijiji anakotoka mtoto, sio kijiji cha kituo. Sasa umepata kile ambacho slaidi haikuwa nacho, mtoto na chandarua chake kwenye mstari mmoja.

Mwisho wa mwezi usifanye kosa moja la kawaida. Ukiangalia wenye malaria peke yao bondeni, utakuta kwenye namba zetu 120 kati ya 180 walilala kwenye chandarua. Theluthi mbili! Mtu atapiga kelele tena kwamba havifanyi kazi. Tulia, angalia na ambao hawana malaria: ni 820, na kati yao 680 walilala kwenye chandarua, kama asilimia 83. Wagonjwa 67, wazima 83. Chandarua kiko zaidi kwa wasioumwa. Kituoni utakuwa na watoto wenye homa tu, sio watoto wote wa kata, kwa hiyo utalinganisha waliokutwa na malaria na waliokuja na homa nyingine, na ni ulinganisho unaokubalika. Ila fanya kwa kila kijiji au kata peke yake. Usichanganye bonde na mlima, tumeshaona kinachotokea.

Ukikuta kwamba ndani ya kata moja hakuna tofauti kati ya walionacho na wasionacho, hapo sasa una la kuuliza. Pengine vyandarua vimechanika, dawa imeisha nguvu, mbu wanauma saa moja jioni watoto wakiwa bado nje jikoni, au kweli watu wanajibu "ndiyo" kumridhisha nesi. Hayo unayajua kwa kwenda nyumbani kuangalia chandarua kimefungwa wapi na kina matundu mangapi. Kama kuna vifaranga, utawaona.

Lakini pendekezo la kusitisha ugawaji limeshaandikwa na linasubiri saini, kwa hiyo tulipigie hesabu. Kwenye kata C yetu ya kubuni, watoto 800 wa kwenye chandarua wana asilimia 15. Vikichakaa bila kuletwa vingine watarudi kwenye asilimia 30 ya wenzao. Hao ni wagonjwa 240 badala ya 120, watoto 120 wa ziada, kabla hatujagusa wale 200 ambao mbu wao walikuwa wanafia kwa majirani. Kata itatoka asilimia 18 kwenda 30 na kuendelea. Na kwenye kikao cha mwaka unaofuata mtu atasimama na slaidi mpya, kata C haina chandarua na ndiyo yenye malaria nyingi kuliko zote, na grupu zima litaandika: "Si tuliwaambia, watu wa bondeni hawaelimiki."